Mdogo wangu na lenzi za macho: nimtie mimi au nimwache ajifunze?

Salaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni msomaji wako wa Kisauni. Naishi na mdogo wangu wa miaka 19, yuko chuoni. Macho yake hayaoni mbali, nambari zake ni −6 pande zote mbili. Mwezi uliopita alipimwa lenzi laini, zile za mwezi mmoja, katika duka moja la miwani mjini. Mhudumu alimtia, akamtoa, akatueleza haraka haraka, tukarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo hawezi kujitia. Kidole kikikaribia tu, jicho linajifunga. Basi mimi ndiye humtia asubuhi kabla hatujakimbilia matatu. Namshika kichwa, namfungua jicho kwa nguvu kidogo, naisukuma lenzi ndani. Jioni namtoa.

Juzi usiku nilikuwa namtoa ya jicho la kulia. Nikafinya, nikafinya tena, haitoki, mtoto analia. Mwisho tukaiona imekauka kwenye leso yake. Kumbe ilishatoka zamani! Jicho lilikuwa jekundu, likachuruzika machozi. Leo wekundu umepungua, lakini anasema akipepesa anahisi kama kuna mchanga.

Mume wangu asema arudi kwenye miwani, yaishe. Mama yuko Malindi, anapiga simu kila siku kwamba nitampofua mtoto wake. Mwenyewe anazitaka, kwa sababu acheza netiboli na miwani imeshavunjika uwanjani. Mimi naona ni muoga tu, atazoea. Niendelee kumtia, nimwache ajifunze mwenyewe, au tuache kabisa?

Dada Mtu, Kisauni

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Tuanze na jicho la kulia, kwa sababu hilo halingoji. Huo mchanga anaouhisi akipepesa, siku mbili baada ya kufinywa, yaelekea ni mchubuko kwenye konea, ile ngozi angavu inayofunika duara jeusi la jicho. Mpeleke kwa daktari wa macho leo, si kesho kutwa. Atamdondoshea rangi ya manjano, amulike kwa taa ya samawati, na mahali palipochubuka patang'aa kijani. Ni kipimo cha dakika chache na hakiumi. Mchubuko mdogo kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Lakini asivae lenzi yoyote, hata ya jicho la kushoto, mpaka daktari aseme jicho limefunga, maana lenzi juu ya mchubuko huwafungia vijidudu mahali palipo wazi. Nenda na ile lenzi pamoja na kikasha chake, na mwambie waziwazi kwamba mgonjwa huvaa lenzi, kwa sababu dawa anayoandikiwa mvaaji wa lenzi huenda isiwe sawa na ya mtu mwingine. Wala usipitie duka la dawa ukanunua matone ya macho kwa kukisia. Mengine yana steroidi, na steroidi juu ya maambukizi huyapa nguvu.

Yakizidi maumivu, au akianza kukimbia mwanga, au kuona ukungu, au ukiona kitone cheupe juu ya duara jeusi, hata kama ni usiku mpeleke hospitali.

Sasa tuzungumze. Umeniambia mdogo wako ni muoga. Nimekaa miaka mingi katika chumba cha macho nikiwafundisha watu kuvaa lenzi, na naomba tulitazame neno hilo upya. Jicho linalojifunga kidole kinapokuja halimsikilizi mwenye nalo. Ni mwili unajilinda, na hata mtu jasiri jicho lake hufanya hivyo. Jicho hutulia likishajua kinachokuja, kinakuja lini, na litaguswa kwa uzito gani. Kidole chake mwenyewe linakijua. Chako halikijui. Ukimshika kichwa, ukamfungua kope kwa nguvu, unamfundisha mwili wake kwamba lenzi ni kitu cha kupigana nacho, na kila asubuhi unampa somo hilohilo. Ndiyo maana nina shaka kama "atazoea" kwa njia hii. Mimi nimeona wakizidi kukaza.

Liko na la pili. Mkono wa mtu mwingine hauhisi. Anayejitoa lenzi mwenyewe husikia papo hapo kidole kikigusa konea tupu, akaacha. Wewe huwezi kusikia, unaona tu kwamba haitoki, na unaongeza nguvu. Michubuko mingi ya mvaaji mpya hutokea hivyo, kwa kufinya jicho ambalo halina lenzi. Kwa hiyo, iwe nani atakayetoa, la kwanza ni kuhakikisha lenzi ipo. Kwa nambari zake ni rahisi sana. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja, atazame kalenda ukutani. Akiona vizuri, lenzi ipo mahali pake. Akiona ukungu, ama imetoka ama imehama pembeni. Hapo asifinye chochote. Aende penye mwanga, atazame kulia, kushoto, juu, chini, nawe utafute ukingo wake kwenye weupe. Lenzi laini ina upana wa milimita 14 hivi na duara jeusi halifiki 12, kwa hiyo ukingo wake huonekana umelala juu ya weupe pande zote, na nyingi zina rangi hafifu ya samawati ili zionekane.

Mwambie pia, na Mama mwambie, kwamba lenzi haiwezi kupotelea nyuma ya jicho. Ile ngozi laini inayofunika weupe hujikunja ikaungana na upande wa ndani wa kope, kwa hiyo njia ya kwenda nyuma imefungwa. Linaloweza kutokea ni lenzi kujikunja chini ya kope la juu. Basi hutiwa matone ya kulainisha, hufumba jicho, akalikanda kope taratibu kuelekea chini huku akitazama chini, nayo hujitokeza. Nimewaona wanafunzi wakilegea mabega kwa kulijua hili tu.

Ukiniuliza mimi ningeanzia wapi, ningeanzia kwenye kutoa. Mtu anayejua kwamba anaweza kutoa, haogopi kutia. Na kabla ya hapo ningemweka siku kadhaa bila lenzi kabisa, jicho likishapona.

Aketi mezani mchana, siku isiyo na haraka. Asubuhi ya kukimbilia gari si wakati wa kujifunza. Kioo kilazwe juu ya meza, chini yake taulo safi, taa au dirisha mbele yake. Kucha ziwe fupi. Anawe mikono kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, asuuze vizuri, kisha akaushe kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kukausha watu hukuruka, na ndiko kunakowaponza, kwa sababu maji ya bomba na ya kisima yana kijidudu kiitwacho akanthamiba ambacho kikiingia chini ya lenzi huleta ugonjwa mgumu sana kutibu. Sisi wa Mombasa, ambao leo ni bomba, kesho ni kisima cha chumvi, keshokutwa ni mtungi wa mwenye mkokoteni, tuwe wakali zaidi hapo. Hakuna tone la maji litakalogusa lenzi wala kikasha.

Kisha afanye mazoezi ya kope tu. Mkono wa kushoto upite juu ya paji la uso, kidole cha kati kikamate kope la juu pale hasa zinapoota nywele zake, kikalibane kwenye mfupa wa nyusi. Hapo ndipo wengi hukosea. Hukamata katikati ya kope, ukingo ukabaki huru, na jicho likafunga chini ya kidole. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kivute kope la chini, nacho karibu kabisa na nywele. Akishikilia hivyo na jicho likashindwa kufunga, amemaliza nusu ya kazi. Halafu adondoshe tone la kulainisha kwenye kidole cha shahada, atazame juu, aguse weupe wa chini. Aguse weupe, si duara jeusi. Weupe hauna ukali wa hisia kama konea, na akiligusa mara kadhaa na kuona halikuuma, jicho lenyewe litaanza kungoja. Wewe kaa pembeni. Msomee hatua, mshikie taa, lakini mikono yako iwe mapajani.

Siku ya lenzi aanze daima na jicho la kulia, ili asizichanganye. Aiweke lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada na kuitazama kwa ubavu. Ikiwa imesimama kama bakuli, iko sawa. Ukingo ukiwa umepinduka kwenda nje, imegeuka ndani nje. Ikivaliwa hivyo haidhuru jicho, lakini inakera na inahama hama, na mwanafunzi hudhani ameshindwa kumbe ni lenzi imegeuka. Kidole kiwe kikavu na lenzi iwe na unyevu. Kidole kikiwa na maji lenzi hukiganda, ikakataa kuhamia jichoni, naye ataanza kusukuma. Na akikawia sana lenzi ikakauka kidoleni, airudishie dawa yake kwanza.

Kwa mtu ambaye jicho lake limeshaumizwa, napenda ile njia ya weupe. Afungue kope kama alivyozoea, atazame juu, aiweke lenzi chini kwenye weupe. Haisukumwi, hugusishwa tu, na unyevu wa jicho huipokea. Kidole kiondoke. Kisha atazame chini taratibu, lenzi itateleza ijikalie katikati yenyewe. Aachie kope la chini, halafu la juu, afumbe kwa upole bila kukaza. Akifumba kwa kishindo ataitema.

Ikishakaa, atausikia uwepo wake kwa dakika chache, na hilo ni la kawaida. Kuchoma si kawaida. Ikichoma atoe, aisuuze kwa dawa ya lenzi, aitazame kama imechanika, imegeuka, au ina uzi wa taulo. Lenzi iliyochanika hata kidogo pembeni hutupwa. Jicho likishaanza kuwa jekundu kwa majaribio, aache, arudie siku nyingine. Robo saa hivi yatosha kwa kikao kimoja.

Kutoa, baada ya kuhakikisha ipo, anawe na kukausha tena. Atazame juu. Kidole cha shahada kiguse ukingo wa chini wa lenzi na kuiteremsha mpaka kwenye weupe. Akiwa bado anatazama juu, aifinye hapo kwa nyama za gumba na shahada, si kwa kucha. Lenzi itajikunja na kutoka. Siri yote ni kwamba kufinya hufanyika juu ya weupe, kamwe si juu ya duara jeusi. Ikikataa kuteremka, ujue imekauka. Jioni baada ya siku nzima chini ya feni hilo ni jambo la kutarajia. Atie matone ya kulainisha, akae dakika tano hadi kumi akipepesa, ndipo ajaribu tena. Kuifinya lenzi kavu iliyoganda ni kuibandua pamoja na ngozi ya juu ya konea.

Tazama chupa za dawa mlizonazo. Ipo aina yenye haidrojeni peroksaidi, mara nyingi kifuniko chake ni chekundu, na huja na kikasha chake maalumu cha kuitulizia kwa saa kadhaa. Hiyo haisuuziwi lenzi inayokwenda jichoni wala haitiwi kidoleni. Inaunguza. Kama yenu ni ile ya kawaida, lenzi isuguliwe kiganjani pande zote mbili kwa sekunde 20 hivi, isuuzwe, ilowekwe kwa dawa mpya. Ya jana humwagwa, haiongezewi. Kikasha nacho kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Na ile lenzi iliyokauka kwenye leso, daktari akishaiona, itupwe.

Nikuongezee la jikoni kwetu. Mkono uliokata pilipili za achari au kutengeneza ukwaju wa viazi karai hausafiki kwa sabuni mara moja. Siku hizo atoe lenzi kabla ya kushika pilipili, au kazi hiyo ifanywe na wewe. Akisahau, apake mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndipo aoshe kwa sabuni, na bado asiguse jicho kwa muda.

Sasa njia zako tatu. Kuendelea kumtia wewe kunaweza kumpeleka uwanjani wiki hii, lakini siku utakayokwama foleni ya Nyali au ukalala Malindi kwa Mama, lenzi zitabaki jichoni na hana wa kumtoa, naye atalala nazo. Kulala na lenzi ndicho kitu kinachoongeza maambukizi kuliko karibu vyote. Kwa sababu hiyo sisi hatukuwa tukimruhusu mtu aondoke na lenzi mpaka ajitoe mwenyewe mbele yetu. Kumwacha ajifunze peke yake nako kuna hatari, akiwa amebeba hofu ya juzi na hakuna wa kumwambia kope limeshikwa pabaya. Waweza kurudi pale dukani mkadai somo kamili, mkae mpaka ajitie na kujitoa mwenyewe zaidi ya mara moja. Ni haki yake. Wakiwa na haraka, ombeni siku isiyo na wateja wengi. Unaweza pia kuuliza kama nambari zake zapatikana katika lenzi za siku moja, zinazotupwa kila jioni. Kwa anayecheza mara mbili tatu kwa wiki, hizo huondoa habari ya kikasha na dawa, ingawa bei ya kila jozi ukiijumlisha kwa mwezi mzima yaweza kuzidi.

Miwani nayo usiitazame kama kushindwa. Hofu ya Mama ina msingi, kwani maambukizi ya lenzi yamewahi kuwapunguzia watu kuona, na hutokana zaidi na maji, kulala nazo na mikono michafu. Mweleze hayo matatu na namna mtakavyoyazuia, badala ya kumwambia asiwe na wasiwasi. Mumeo huenda anachokiona ni msichana analia kila jioni, na hilo nalo ni la kusikilizwa. Hata mvaaji hodari anahitaji miwani ya nambari yake ya sasa, kwa siku za jicho jekundu, mafua, na saa za jioni za kulipumzisha jicho. Je, aliyonayo sasa ni nzima? Kama iliishia uwanjani, huenda hiyo ndiyo inayomsukuma avae lenzi hata siku ambazo jicho linakataa. Ipo pia miwani ya michezo yenye mkanda wa kuzunguka kichwa, ambayo yaweza kumtosha netiboli akiamua lenzi zingoje.

Muulize mwenyewe, mkiwa wawili, bila mumeo wala simu ya Mama. Anazitaka za kila siku, au za uwanjani tu? Yuko tayari kuanza upya na kidole kwenye weupe, au anataka apumzike mwezi mzima kwanza? Majibu yake yatabadilisha mengi niliyoyaandika hapa. Leo lakini ni daktari kwanza, na ukitoka huko niandikie alichokiona kwenye ile taa.